Vitengo 107: Hesabu ya ukubwa, kutoka Kongwa hadi miteremko ya Ruwenzori

Mwanzoni mwa 1946 mfanyabiashara wa Kiingereza, Frank Samuel, alipita kwa ndege juu ya Tanganyika. Alikuwa mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, na jambo lililomsumbua lilikuwa mafuta ya kula. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Waingereza walikuwa bado wanapimiwa siagi na mafuta ya kupikia kwa kadi. Chini yake aliona pori linalokwenda mbali bila shamba wala moshi wa jiko, akawaza karanga. Aliporudi London alilipeleka wazo hilo serikalini, na serikali ikalipokea kwa haraka ya mtu mwenye njaa.

John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuongoza idara ya kilimo ya Tanganyika, alitumwa pamoja na wenzake wawili kwenda kuchunguza. Walimaliza kazi kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Ripoti yao ilipendekeza mashamba ya ekari 3,210,000, yaani karibu hekta milioni 1.3. Eneo hilo lingegawanywa katika vitengo 107, kila kimoja ekari 30,000: vitengo 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Muda uliotajwa ni miaka sita, na gharama ni pauni milioni 25 hivi.

Hebu tuishike namba hiyo ya 107. Wapangaji walichora kitengo kimoja tu: ardhi yake, trekta zake, mafundi wake, vibarua wake, mbegu na mbolea yake. Kisha wakazidisha. Kama kitengo kimoja kinatoa kiasi fulani cha karanga, vitengo 107 vitatoa kiasi hicho mara 107. Dai zima la mradi lilisimama juu ya kuzidisha huko, na hakuna aliyelitaja kuwa ni dai. Lilionekana kuwa hesabu tu.

Sisi wa Kirumba, katika teritwari ya Lubero, tuna sababu ya kulitazama dai hilo kwa makini. Milima yetu imejaa watu. Familia moja ina kipande cha maharagwe huku, cha viazi kule ng'ambo ya bonde, na vijana wengi wameteremka kwenda upande wa Beni kutafuta ardhi. Kila koperative inapokutana, kati ya hapa na Butembo, hoja mbili husimama. Mmoja anasema tuunganishe, kwa kuwa mkubwa hupata zaidi. Mwingine anasema kila kilichofanywa kikubwa katika nchi hii kimekufa. Wote wawili wanazungumza kwa uchungu na wote wana mifano. Kinachokosekana ni kipimo, na kipimo kipo.

Kinakwenda hivi. Andika kila kitu kinachoingia katika uzalishaji: ardhi, kazi, mashine, maji, mbegu, usafiri, usimamizi. Uhusiano kati ya vitu hivyo na mavuno tuuite fomula ya uzalishaji. Sasa zidisha kila pembejeo kwa namba ileile, tuseme kwa mbili. Usibakize hata moja. Halafu tazama mavuno. Yakiwa yamezidi mara mbili kamili, mavuno ya ukubwa hayabadiliki: shamba kubwa ni mashamba madogo mawili yaliyowekwa pamoja. Yakiwa zaidi ya mara mbili, mavuno ya ukubwa yanapanda. Yakiwa chini ya mara mbili, yanashuka. Kwa herufi, ukizidisha pembejeo zote kwa t, unalinganisha mavuno mapya na mavuno ya zamani mara t:

```
F(tL, tK) > t F(L, K)   yanapanda
F(tL, tK) = t F(L, K)   hayabadiliki
F(tL, tK) < t F(L, K)   yanashuka
```

L ni kazi ya watu, K ni mtaji wa vifaa, na t ni namba yoyote iliyo kubwa kuliko 1. Ugumu wote umo katika neno moja dogo: zote.

Neno hilo lilikuwa limewahangaisha wachumi kwa nusu karne kabla ya ndege ya Samuel. Mwaka 1894 Philip Wicksteed, mchungaji wa Kiingereza aliyejifundisha uchumi, aliuliza swali la mgawanyo: kila pembejeo ikilipwa kwa kadiri ya nyongeza inayoleta, je, malipo yote yatajumlika kuwa sawasawa na mavuno, bila kubaki wala kupungua? Jibu lake lilikuwa ndiyo, mradi kuzidisha pembejeo zote kunazidisha mavuno kwa kiasi kilekile. Mavuno yakipanda kwa ukubwa, hayatatosha kwa malipo hayo. Yakishuka, kutabaki ziada isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1928 Wamarekani wawili, mwanahisabati Charles Cobb na mchumi Paul Douglas, waliweka takwimu za viwanda vya Marekani za 1899 hadi 1922 katika fomula ambayo leo kila mwanafunzi wa uchumi huikuta katika mwaka wake wa kwanza:

```
Q = 1.01 * L^0.75 * K^0.25
```

Q ni mazao ya viwanda. Namba ndogo zilizo juu ya L na K ndizo za kutazama, kwa kuwa jumla yake ndiyo hukumu ya ukubwa. Ukizidisha L na K kwa mbili, Q inazidishwa kwa 2 iliyopandishwa kwa jumla ya 0.75 na 0.25, yaani 2 kwa kipeo cha 1, ambayo ni 2. Hakuna kilichopanda wala kilichoshuka. Jumla hiyo ingekuwa 1.2, mavuno yangepanda, ingekuwa 0.9, yangeshuka. Lakini zidisha kazi peke yake kwa mbili na uache mashine zilivyo. Hapo Q inazidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 0.75, karibu 1.68. Wafanyakazi wameongezeka mara mbili na mazao hayakufika mara mbili. Mtu asiye mwangalifu atatangaza kwamba ukubwa unashusha mavuno, na atakuwa amekosea, kwa maana fomula ni ileile ambayo tumeona haishuki. Alichokiona ni kupungua kwa nyongeza ya pembejeo moja pale nyingine zikikaa palepale. Mambo hayo mawili yanafanana sana kwa macho, na ninaamini sehemu kubwa ya mabishano yetu ya koperative inatokana na kuyachanganya.

Lipo jambo la pili katika fomula ile ya 1928. Cobb na Douglas hawakugundua kwamba jumla ni 1. Waliilazimisha iwe 1 tangu mwanzo, wakaacha takwimu ziamue tu kazi inachukua sehemu gani na mtaji sehemu gani. Kwa njia hiyo takwimu zao zisingeweza kamwe kuwaambia kama mavuno ya ukubwa yanapanda au yanashuka, kwa sababu jibu walikuwa wameliandika wao wenyewe. Mwaka 1937 David Durand alipendekeza kila kipeo kiachwe huru, na Douglas alikuja kukubali. Wapangaji wa karanga miaka kumi baadaye walifanya kosa la aina ileile bila fomula yoyote: waliandika 107 na kuamini kwamba wamethibitisha.

Kazi ilianza mapema 1947 huko Kongwa, katika nyika ya Ugogo, mashariki ya Dodoma. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, maana yake vitengo vitano. Ekari zilizopandwa mwaka ule zilikuwa kiasi cha 7,500. Hiyo ni robo ya kitengo kimoja.

Tufuate pembejeo mojamoja, maana ndipo historia inapofungua mlango. Trekta mpya hazikupatikana kwa wingi katika dunia iliyotoka vitani, kwa hiyo zikanunuliwa zilizotumika, nyingi zikiwa mali ya jeshi la Marekani iliyoachwa Ufilipino. Zilifika zikiwa zimechoka na zisizofanana, na spea ya moja haikufaa kwa nyingine. Baadaye hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa trekta. Karakana ya kutosha haikuwapo, na mafundi makanika walikuwa wachache, kwa hiyo mashine zilizokuwa zimelala zikawa nyingi kuliko zilizokuwa kazini. Mtaji uliandikwa katika daftari kwa idadi ya trekta, lakini shamba halilimwi na idadi. Linalimwa na saa ambazo trekta inatembea.

Kisha njia. Kila kitu kilipita bandari ya Dar es Salaam, yenye nafasi ndogo, na kutoka hapo kilipanda Reli ya Kati, yenye njia moja. Unaweza kuagiza trekta mara tano kwa barua moja. Bandari huwezi kuiagiza mara tano, wala reli. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma kwa sababu ya mishahara, na mgomo ukaenea bara ukifuata reli. Mradi wenyewe ulikuwa umechangia, kwa kuwa maelfu ya watu waliokusanyika mahali pamoja walihitaji kula, na chakula kilipanda bei.

Kisha maji na mvua. Wagogo walijua kwa nini pori la Kongwa lilikuwa halina vijiji vingi: mvua yake ni chache na haina uaminifu, na maji ya kunywa ni shida. Udongo wake una mfinyanzi ambao jua likishaupiga hukauka ukawa mgumu kama tofali. Karanga huzaa chini ya ardhi, na huhitaji udongo laini ili ziingie na ili zing'olewe. Chembe za mchanga mkali zilikula vyuma vya majembe. Mizizi ya vichaka ilibaki ardhini hata baada ya buldoza mbili kuburuta mnyororo wa nanga ya meli katikati yake na kuangusha kila kilichosimama. Kusafisha juu ilikuwa kazi nyepesi. Kusafisha chini hakuna aliyekuwa amekupigia hesabu.

Mwaka 1948 usimamizi ulihamishwa kutoka kampuni ya Samuel kwenda shirika la serikali, Overseas Food Corporation. Mashamba yalifunguliwa pia Urambo upande wa magharibi na Nachingwea upande wa kusini. Ukame ulipiga Kongwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha, na pauni milioni 36.5 zikafutwa kama hasara.

Hukumu iliyozoeleka, ambayo nimeisikia hata kwa wahadhiri, ni kwamba Kongwa ilithibitisha kuwa kilimo kikubwa Afrika kina mavuno ya ukubwa yanayoshuka. Siikubali. Kipimo hakikufanyika. Ili kujua kama ukubwa unashusha mavuno ilibidi kwanza kitengo kimoja kilimwe kikamilifu, mavuno yake yapimwe, kisha pembejeo zake zote zizidishwe. Kongwa haikuwa na kitengo kimoja kilichofanya kazi kama kilivyochorwa; mwaka wa kwanza ulitoa robo yake. Shamba la majaribio halikutangulia. Na katika zile pembejeo zilizozidishwa, ardhi ilizidishwa kwenye ramani na trekta kwenye risiti, huku bandari, reli, maji na mafundi vikibaki karibu vilevile. Hii ni ile 1.68 ya Cobb na Douglas katika sura mbaya zaidi: pembejeo mbili au tatu zilikimbia, zilizobaki zikasimama, na matokeo yakasingiziwa ukubwa.

Kuna hoja ya kimantiki inayotufikisha mbali zaidi. Kama kweli kila kitu kinazidishwa kwa mbili, hata mahali penyewe na mvua ya mahali hapo na meneja mwenye macho mawili, basi angalau unaweza kufanya kwa mara ya pili kile ulichofanya mara ya kwanza, na kupata mara mbili. Kwa maneno mengine, pale unapoona mavuno ya ukubwa yakishuka, tafuta pembejeo iliyosahauliwa. Karibu kila mara ipo, na mara nyingi haiuzwi dukani: macho ya msimamizi, kijito kimoja, njia moja, au siku yenye saa zilezile. Hilo halifanyi kushuka kuwe ndoto. Kama kijito hakiwezi kuzidishwa, basi kwa mwenye shamba mavuno yanashuka kwelikweli. Ila sasa anajua ni kijito kinachomshusha, na anajua mahali pa kupeleka fedha yake.

Upande wa pili, wa kupanda, Kongwa na Nachingwea zilikuwa nao pia. Kwa ajili ya karanga za kusini ilijengwa bandari ya maji marefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Reli haikatwi vipande: huwezi kujenga robo ya reli kwa robo ya karanga. Kitengo kimoja kingeibeba gharama yake yote, na vitengo kumi vingegawana reli ileile. Katika hali ya namna hiyo, kuzidisha shamba na wafanyakazi kwa mbili kunaleta mara mbili ya kile kinachofika melini bila kuongeza reli hata kidogo, mpaka reli ijae. Shida ni kwamba mavuno yanayopanda kwa ukubwa humlipa aliyefika kwenye ukubwa tu. Asiyefika hubaki na chuma. Reli ya Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960, ingawa bandari ya Mtwara inafanya kazi hadi leo.

Sasa turudi kwetu, maana ipo kazi moja upande wa Beni ambamo kupanda na kushuka kunaonekana kwa pamoja, na kwa namba zinazoweza kushikwa mkononi. Ni kahawa ya arabika ya miteremko ya Ruwenzori. Kwa miaka mingi wakulima wa huko waliimenya nyumbani kwa mashine ndogo au kwa jiwe, wakaikausha uani, na sehemu kubwa ikavuka mpaka kwenda Uganda kwa bei ya kahawa isiyo na jina. Katika miaka ya 2010 koperative kama Kawa Kanzururu upande wa Ruwenzori, na Kawa Kabuya, zilianza kuosha kahawa ya wanachama katika vituo vidogovidogo vilivyo karibu na mashamba, badala ya kituo kimoja kikubwa cha kati. Kwa nini vidogo? Wengi hujibu kwamba fedha ilikuwa ndogo. Hesabu ina jibu lake.

Anza na tangi la kuchachushia. Tuseme ni sanduku la saruji lisilo na mfuniko, mita moja kila upande. Sakafu na kuta nne ni mita za mraba 5, na ujazo ni mita moja ya ujazo. Sasa fanya kila upande kuwa mita mbili. Sakafu na kuta zinakuwa mita za mraba 20, mara nne. Ujazo unakuwa mita 8 za ujazo. Umetia saruji mara nne, ukiongeza kidogo kwa ajili ya unene wa kuta, na umepata nafasi mara nane. Hayo ni mavuno yanayopanda, na hayatokani na ujanja wa meneja wala bei ya saruji. Ni umbo lenyewe: kuta hukua kwa mraba, ujazo hukua kwa mchemraba. Mwenye kutazama tangi peke yake atasema jenga kubwa.

Lakini tunda la kahawa lililoiva halisubiri. Likichumwa asubuhi linapaswa kumenywa siku ileile, la sivyo huanza kuchacha ndani ya ganda na ladha huharibika. Kwa hiyo kila kituo kina duara la mashamba yanayoweza kukifikia kabla ya giza. Chukua kituo chenye duara la kilomita mbili kutoka katikati hadi ukingoni, na siku ya kilele cha msimu duara hilo linatoa tani 3 za matunda. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe nyepesi. Mashamba yakiwa yametawanyika sawasawa, umbali wa wastani wa kubeba ni theluthi mbili za kilomita mbili, karibu 1.33. Kazi ya kubeba ni tani mara kilomita: 3 mara 1.33 ni 4. Mama wa kwetu anayebeba kapu kwa mkanda wa kipajini, kilo 50 kwa safari zinazojumlika kilomita nne za mzigo, anafanya 0.2 kwa alasiri moja. Kituo kinahitaji wabebaji 20.

Zidisha sasa kila kitu kwa nne, kama kipimo kinavyotaka. Ardhi mara nne, miti mara nne, wachumaji mara nne, wabebaji 80, saruji mara nne. Matunda yaliyochumwa ni tani 12, na tangi lina nafasi ya kuyapokea na kubakiza. Ila duara lenye eneo mara nne lina ukingo ulio mbali mara mbili, kilomita nne, na umbali wa wastani umekuwa 2.67. Kazi ya kubeba yote ni 12 mara 2.67, yaani 32. Hiyo ni mara nane ya ile ya mwanzo, na inahitaji wabebaji 160. Tunao 80. Wakianza na mashamba ya karibu, kama watu wenye akili wanavyofanya, watafika kilomita 3.2 hivi kutoka kituoni na giza litawakuta. Tani zitakazofika ni karibu 7.5. Zilizobaki zitachacha zikiwa bado mashambani. Pembejeo zote zimezidishwa kwa nne na kahawa iliyooshwa imezidi mara mbili na nusu. Mavuno yanashuka.

Angalia kwamba ni hesabu ileile pande zote mbili. Mara nne ya kuta hutoa mara nane ya nafasi. Mara nne ya ardhi hudai mara nane ya kubeba. Tangi linavuta kituo kiwe kikubwa na njia inakivuta kiwe kidogo. Kwenye tambarare yenye barabara ya lori tangi lingeshinda. Kwenye miteremko ya Ruwenzori, ambako njia inapanda na kushuka na mvua ikinyesha hata pikipiki inashindwa, njia inashinda kwa mbali, na namba zangu za ardhi bapa bado zinakipendelea kituo kikubwa.

Na ile pembejeo iliyosahauliwa? Ni mahali. Tulizidisha ardhi kwa nne lakini kituo kilibaki katika nukta moja. Jenga vituo vinne, kila kimoja katikati ya duara lake la kilomita mbili, kila kimoja na wabebaji wake 20, na tani zote 12 zinafika kabla ya giza. Mara nne kwa mara nne. Koperative zilizochagua vituo vidogo zilifanya kile ambacho vitengo 107 vilidai kufanya: zilirudia kitu kizima, na kitu hicho kilikuwa tayari kinafanya kazi kikiwa kimoja kabla havijawa viwili. Vile vinavyopanda kwa ukubwa, kama ghala la kukoboa, maabara ya kuonja na kontena ya kusafirisha, vinaweza kubaki vya pamoja mjini, kwa sababu kahawa iliyokwisha kukaushwa haiharakishwi na jua kuzama.

Niongeze tahadhari mbili kwa anayetaka kutumia kipimo hiki kwa mambo ya hapa. Wafanyabiashara wa Butembo hukusanya maagizo yao na kujaza kontena moja kutoka ng'ambo, na kila mmoja hupata mzigo wake kwa bei ya chini. Hiyo ni faida halali, lakini sehemu yake kubwa ni ya bei, kwa vile anayenunua kwa wingi hupunguziwa. Mavuno ya ukubwa hupimwa kwa tani, saa na ekari kwanza, bei baadaye. Ukianza na franga au dola utachanganya nguvu ya kujadiliana na nguvu ya kuzalisha.

Ya pili inahusu wakati. Wazee wetu hutaja mashamba makubwa ya walowezi yaliyokufa baada ya tangazo la Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973, lililowapa raia mali za wageni, na wanasema ukubwa ndio uliyaua. Lakini mwaka ule ukubwa haukubadilika hata hekta moja. Kilichobadilika ni mwenye shamba, mikopo, spea na soko, mambo ambayo katika fomula yanakaa ndani ya ile namba ya mbele, ile 1.01 ya Cobb na Douglas. Shamba likilinganishwa na lenyewe kabla na baada ya mshtuko wa namna hiyo halituambii chochote kuhusu ukubwa. Linganisha wakubwa na wadogo wa msimu mmoja, mlima mmoja na mbegu moja.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa koperative, Kirumba, Butembo na Beni. Mgeni au mtoto wa kwetu akileta karatasi ya mradi inayozidisha kitu kwa kumi, msimuulize kwanza atapata fedha wapi. Mwombeni orodha ya pembejeo zote, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila moja aandike imezidishwa kwa ngapi: ardhi, wabebaji, maji, njia, fundi, msimamizi, saa za mchana. Pale atakapoandika moja, simamisheni kikao hapo hapo na mjadili mstari huo mpaka uishe, kabla hamjatia sahihi.